Kijana, Barua na Neno: Jinsi ya Kujenga Hadithi Fupi Juu ya Kosa la Lugha

Kuna wazo la hadithi ambalo waandishi vijana hulipenda, hasa wale waliokulia karibu na mpaka wa Kifaransa na Kiingereza. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa anahamia shule ya Kiingereza. Huko anakutana na neno sympathetic, na kwa kuwa kwao kuna sympathique, anaamini maana ni ileile: mtu wa kupendeza, mchangamfu, ambaye ukikaa naye moyo unatulia. Kumbe Kiingereza kinamaanisha mtu anayeguswa na shida ya mwenzake. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi hulimaliza kwenye ukurasa wa kwanza: kijana anasimama darasani, anamsifu mkuu wa shule kwa neno hilo, wenzake wanacheka, mwalimu anasahihisha, basi. Hicho ni kichekesho cha dakika mbili. Ukitaka hadithi fupi yenye uzito, kosa hilo lina mengi ya kukupa, ila lazima ulijue kwa undani kabla ya kumkabidhi mhusika wako.

Anza na maneno yenyewe. Yana asili moja ya Kigiriki, yenye maana ya kuhisi pamoja. Yakiandikwa, kila moja lina herufi 11, na herufi saba za mwanzo ni zilezile. Jicho halina sababu ya kushuku. Sikio ni jambo jingine. Kifaransa hutamkwa kwa puani, karibu na sempatiki. Kiingereza ni simpathetiki, chenye ile th ya thelathini na mkazo katikati. Kijana akilisikia tu mdomoni mwa mtu, huenda asiliunganishe na neno la kwao. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kosa liingie kwa maandishi. Mpe kijana barua, ripoti ya shule, kitu anachokishika mkononi na kukisoma peke yake. Mazungumzo yana adui mwingine pia, uso wa msemaji. Anayekuonea huruma haonyeshi uso wa anayekufurahia, na kijana mwenye akili angeng'amua papo hapo. Karatasi haina uso.

Jambo la pili la kujua ni upana wa kila neno. Katika Kifaransa, mtu anaweza kuwa sempatiki, lakini hata mgahawa, jioni au nyumba ya wageni pia yaweza. Vijana hulifupisha kuwa sempa. Kiingereza hakisemi hivyo kuhusu mgahawa. Lakini kuna sehemu moja ambapo Kiingereza chenyewe kinasogea karibu na kosa la kijana, na ukiitumia vizuri hadithi itapata mguu. Katika uhakiki wa fasihi, mhusika huitwa simpathetiki anapomvuta msomaji upande wake. Mwanafunzi anaweza kulitumia neno hilo kwa maana yake potofu, akapata alama ya vema, na asijue kamwe kwamba alipita kwa bahati.

Tuchukue mfano mmoja tuujenge hadi mwisho. Kijana anaitwa Bahati, jina la kawaida kule Kivu. Amezaliwa Bukavu na kusoma kwa Kifaransa hadi miaka ya mwanzo ya sekondari, kisha amepelekwa kwa mjomba wake Kigoma na kuingizwa kidato cha tatu katika shule binafsi ya bweni. Ni lazima iwe binafsi, kwa sababu hadithi itasimama juu ya ada, na sekondari za serikali Tanzania hazitozi ada hiyo kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Masomo ni kwa Kiingereza. Nje ya darasa ni Kiswahili, na hapo ndipo mwandishi mzembe hunaswa. Msomaji atauliza: mbona Bahati hakumuuliza jirani yake wa kitandani kwa Kiswahili neno hili lina maana gani?

Hilo swali usilikwepe, maana jibu lake ndilo linalomfanya Bahati awe mtu. Kiswahili chake ni cha Bukavu. Anasema muzuri, anasema batoto, anasema mwalimu iko hapa, na wenzake wa Kigoma wamekuwa wakimwigiza tangu siku ya kwanza bwenini. Kwao Bukavu alikuwa ndiye mwenye maneno, aliyesomewa insha yake mbele ya darasa. Hapa amegeuzwa mtu wa kuchekwa katika lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kijana wa namna hiyo hawezi kwenda kuuliza maana ya neno analoamini analijua. Kitu pekee kilichobaki cha kujivunia ni kwamba maneno makubwa ya Kiingereza, yale yanayowatoa jasho wenzake, yeye huyatambua kwa sura kutokana na Kifaransa. Mara nyingi huwa sahihi. Ukitaka msomaji aamini kosa moja, mwonyeshe kwanza Bahati akipatia mara mbili tatu kwa njia hiyohiyo.

Kisha mpe ule ushindi wa bahati. Mwalimu wa Kiingereza anapenda Shekspia na anafundisha tamthilia ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Anauliza ni mhusika gani aliye simpathetiki. Bahati anaandika kuwa ni Porshia, kwa sababu ni mtu wa kupendeza na wachumba wanatoka nchi za mbali kumfuata. Mwalimu anaweka tiki. Mwalimu hajakosea, kwa kuwa mhusika anayependwa na msomaji kweli huitwa hivyo. Mwenzake mmoja anamtaja Shailoki, kwa vile anadhalilishwa, na Bahati anashangaa kimoyomoyo: mtu mkali hivyo atakuwaje sempatiki? Acha mshangao huo upite bila maelezo. Msomaji makini ataudaka, na baadaye akiukumbuka ataona kwamba ishara ilikuwepo mapema.

Kabla ya hapo, lakini, kuna kazi ya kufanya kule mwanzoni. Msomaji wako wa Dodoma au Mombasa huenda hajui Kifaransa hata neno moja. Usimweleze. Mwache alisikie neno likitumika. Siku ya kuondoka Bukavu, mama anasema mwalimu wa kanisani iko sempa. Dada anasema ile jioni kwa jirani ilikuwa sempa. Bahati mwenyewe anasema boti imechakaa, lakini iko sempa. Mtu, jioni, boti: mara tatu katika kurasa mbili za mwanzo zinatosha. Kufikia hapo msomaji analijua neno kama alijuavyo mtoto, kwa kulisikia mahali pake, na hakuna aliyesema "yaani". Ukiweka tanbihi chini ya ukurasa umeharibu, kwa sababu tanbihi inamnong'oneza msomaji kwamba neno hilo litaleta balaa.

Sasa barua. Hapa ndipo hadithi nyingi za aina hii huvunjika, na sababu ni moja: sentensi ya pili ya barua huliua kosa la sentensi ya kwanza. Mwandishi anaandika kwamba bodi ya shule ni simpathetiki, lakini ada yote lazima ilipwe kabla ya muhula kuanza, vinginevyo mwanafunzi hatapokelewa. Kijana wa kidato cha tatu ataelewa "ada yote", ataelewa tarehe, ataelewa "hatapokelewa". Neno moja aliloelewa vibaya halitabadili kitu. Barua lazima iandikwe hivi kwamba uzito wote uangukie neno lile, na maneno mengine yakubali kusomwa upande wowote.

Kwanza, sababu ya barua. Mjomba ananunua na kuuza dagaa na migebuka pale Kibirizi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Huo ni wakati mzuri wa kuiweka hadithi, maana biashara ya mjomba inakauka katikati ya mwaka wa shule bila yeye kuwa mvivu wala mlevi. Anaomba apunguziwe ada ya muhula wa pili. Bodi inajibu kwa Kiingereza. Barua ikiwa na sentensi tatu hivi, inatosha: Wajumbe walisoma ombi lenu nao walikuwa simpathetiki. Utaratibu wa kawaida utafuatwa muhula wa pili utakapoanza. Tunamtakia kijana likizo njema.

Isome kama mhasibu wa shule. Wajumbe waliwaonea huruma, basi, utaratibu wa kawaida maana yake mtalipa kama kila mtu, kwaheri. Ni kukataa kwa adabu, kule ambako ofisi nyingi huandika bila kutia neno "hapana". Sasa isome kama Bahati. Wajumbe walisoma ombi nao walikuwa watu wazuri kabisa, wakalifurahia. Utaratibu wa kawaida, ule wa kuwapunguzia watu ada, utafuatwa shule ikifunguliwa. Likizo njema. Hakuna hata neno moja katika barua hiyo linalompinga. Ukiandika yako, mpe mtu asiyejua hadithi yako, umfiche lile neno moja kwa kidole, umuulize ombi limekubaliwa au limekataliwa. Akisita, barua yako imekaa sawa. Akijibu bila kusita, kuna neno jingine linalovujisha siri, litafute ulitoe.

Kumbuka pia kwamba unaandika kwa Kiswahili barua iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ukiitafsiri yote, "bodi imeguswa na hali yenu", kosa limekufa, kwa kuwa hakuna msomaji atakayeelewa Bahati alikosea wapi. Ukiiacha yote kwa Kiingereza, unawafukuza wasomaji. Njia inayofaa ni kuisimulia barua kwa Kiswahili kadiri Bahati anavyoisoma, sentensi kwa sentensi, na kuliacha neno moja tu bila kutafsiriwa, kwa umbo lake la kigeni. Hilo ndilo jiwe pekee katika wali, na msomaji lazima aliume.

Ukishafanya hivyo utakuwa na wasomaji wa aina mbili. Aliyesoma sekondari Kenya, Uganda au Tanzania anajua neno la Kiingereza, hivyo anauona mtego kabla ya Bahati na anaendelea kusoma akiwa na hofu. Aliyesoma Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura huenda akaingia mtegoni pamoja naye. Usijaribu kuchagua kati yao. Hadithi iliyojengwa vizuri humpa wa kwanza wasiwasi na wa pili mshtuko, na wote wawili wanafika mahali pamoja. Unachotakiwa kuepuka ni kuwakonyeza wale wa kwanza kwa sentensi kama "laiti angalijua". Wanajua tayari.

Barua ni ya mjomba, si ya Bahati. Hapo kosa linaacha kuwa la mtu mmoja. Mjomba hasomi Kiingereza, anamwambia mpwa wake, "Hebu nisomee, mjomba, wanasemaje?" Na Bahati, kwa mara ya kwanza tangu afike Kigoma, ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani. Andika tukio hili polepole kuliko mengine yote. Mwache ajikohoze, asome kwa Kiingereza kwanza kwa sauti ili mjomba asikie ufasaha, kisha afasiri: "Wamefurahi, mjomba. Wanasema watafanya kama kawaida yao." Ona jinsi kosa limekua. Kwenye karatasi kulikuwa na huruma; kichwani mwa Bahati ikawa uzuri wa watu; mdomoni mwake ikawa furaha, na furaha ya bodi masikioni mwa mjomba ni ruhusa. Kila hatua ni ndogo na hakuna aliyedanganya.

Kinachofuata lazima kiwe uamuzi usioweza kurudishwa. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza zaidi kwa yeyote anayenionyesha rasimu ya namna hii. Kosa la lugha ambalo halimfanyi mtu atende kitu ni pambo tu. Jaribu hivi: weka maana sahihi mahali pa ile potofu, kisha upitie hadithi kutoka mwanzo. Kama matukio yanabaki yaleyale, huna hadithi bado. Katika mfano wetu, mjomba alikuwa ametenga nusu ya ada, amezificha fedha nyumbani akiogopa kuzigusa. Baada ya kusomewa barua anazitoa na kununua nyavu kwa shirika na mwenzake mwenye chombo, wawe tayari ziwa likifunguliwa Agosti. Ni uamuzi wa mtu mwenye busara, si wa mpumbavu. Angejua ukweli, asingenunua hata uzi. Na kwa kuwa ni mtu wa heshima, anatafuta dumu la mawese la kuwapelekea watu wa shule kama shukrani. Dumu hilo litakufaa, kwa sababu litafika shuleni mkononi mwake siku ya kufungua, Julai, na kila mtu atataka kujua ni la nini.

Tumefika kwenye kugundua. Njia rahisi ni mhasibu kueleza, au Bahati kufungua kamusi. Zote mbili zinamwondoa kijana katikati ya hadithi yake na kumweka mtu mwingine au kitabu. Tafuta kitu kitakachomfanya agundue mwenyewe, kutoka ndani ya lugha yake mwenyewe. Na kipo. Kivumishi cha Kifaransa kimekimbilia kwenye kupendeza, lakini nomino yake, sempati, ingali na maana zote mbili. Wafaransa na Wakongo wanapowashukuru watu waliowafariji msibani huandika kwamba wanashukuru kwa alama za sempati walizopokea. Bahati amewahi kuisoma sentensi hiyo. Iliandikwa kwenye tangazo la shukrani baada ya kumzika babu yake Bukavu, naye alikuwa mtoto mwenye kupenda kusoma kila kilichobandikwa.

Basi mketishe kwenye benchi nje ya ofisi ya mhasibu, mjomba pembeni, dumu miguuni. Kwenye meza ndogo kuna kitabu cha rambirambi cha mwalimu aliyefariki wakati wa likizo. Juu ya ukurasa kumeandikwa nomino ileile kwa Kiingereza, simpathi. Bahati anaitazama. Hakuna mtu wa kupendeza hapo, wala jioni nzuri. Kuna picha ya marehemu. Anakumbuka tangazo la babu. Kutoka hapo anarudi nyuma hatua kwa hatua: Shailoki aliyetajwa na mwenzake, bodi, utaratibu wa kawaida. Andika mnyororo huo kwa sentensi fupi, wala usiutaje kwa jina. Msomaji wa Bujumbura anagundua hapohapo pamoja naye, kwa kifaa ambacho na yeye alikuwa nacho tangu mwanzo.

Wapo wanaosimamisha hadithi hapa, na mimi sikubaliani nao. Kugundua si kilele. Kilele ni kile Bahati anachofanya na ujuzi huo wakati mlango wa mhasibu bado haujafunguliwa. Mhasibu ni Mtanzania. Atazungumza na mjomba kwa Kiswahili safi na ukweli utatoka vyovyote vile. Swali ni mjomba ausikie kutoka kwa nani. Ana dakika chache. Anaweza kunyamaza, na mjomba ataingia na dumu lake akitabasamu na kuaibika mbele ya mgeni. Anaweza kusema, na atalazimika kukiri kwa Kiswahili kilekile kinachochekwa kwamba maneno makubwa aliyoringia hayakuwa yake. Hapo kosa la kamusi limegeuka kuwa jambo kati ya kijana na mtu anayemlea, na hapo ndipo mshipa wa hadithi ulipo.

Ningependelea aseme, lakini si kwa hotuba. Mwache atumie sentensi ileile aliyofasiri nyumbani, aibadilishe neno moja: "Mjomba, ile barua. Hawakufurahi. Walituonea huruma." Jibu la mjomba ni lako kulitafuta, na usiliandike mpaka uwe umemjua vya kutosha. Mjomba mwenye hasira atauliza kuhusu nyavu. Mwingine atalitazama dumu na kuuliza kama walirudishe garini. Vyote vinaaminika. Kisichoaminika ni mjomba anayemkumbatia kijana na kusema kila mtu hukosea, kwa sababu mtu ambaye fedha yake ya miezi imekwenda hatamki maneno hayo akiwa bado kwenye benchi.

Kuhusu urefu, hadithi kama hii hukaa vizuri katika maneno 2,500 hadi 3,000. Barua ifike kabla ya nusu, maana kabla yake unapanda tu, na msomaji huvumilia kupanda kwa kiasi. Tukio la kusoma barua nyumbani lichukue nafasi kubwa kuliko tukio la darasani, na la darasani lisizidi ukurasa mmoja, hata kama unaipenda Mabepari wa Venisi. Jina la hadithi lisiwe na lile neno wala lisigusie tafsiri. "Nyavu" linafaa, "Likizo Njema" linafaa zaidi, kwa kuwa msomaji akirudi kulitazama baada ya kumaliza ataona kwamba ni sentensi pekee katika barua ile ambayo Bahati aliielewa sawasawa.